Tikiti, nanasi au parachichi limeiva? Jinsi ya kusoma picha uliyotumiwa kabla hujalipa (mwongozo kamili)

Mwaka jana nilinunua matikiti sita kwa picha, yani nimekaa zangu Sinza, muuzaji yuko Buguruni, kanitumia picha wasapu saa moja usiku, kwenye picha sehemu ya chini ya tikiti ina njano nzuri kama siagi nikasema haya ndo yenyewe, nikatuma hela, boda akaleta. Asubuhi nayatoa kwenye kiroba nje kwenye mwanga, ile njano haipo. Nyeupe pee kama karatasi. Kukata la kwanza, pinki ya kuomba msamaha, mbegu nusu nyeupe. Kumpigia yule mama akashangaa kweli, akasema "mwanangu mbona nimekutumia picha hukusema kitu?" na alikuwa na haki, picha alituma. Tatizo ilikua taa. Alipiga chini ya balbu ile ya njano iliyoning'inia kibandani na balbu ikalipaka tikiti bichi rangi ya tikiti bivu.

Tangu hapo kila wiki naagiza matunda kwa picha (nauza matunda ya kukata kwenye vikopo na oda za shughuli) na nimepata mpangilio wangu ambao unanikosesha hasara mara nyingi, sio zote. Nauandika hapa wote.

Kwanza kabisa, swali unaloiuliza picha

Watu wengi wanauliza "limeiva?" kwa matunda yote matatu, ndo mwanzo wa kukosea. Jiulize kwanza, hili tunda linavundikika au halivundikiki? Bibi zetu walikuwa wanavundika ndizi na parachichi kwenye majani au pipa, hujawahi kusikia mtu kavundika tikiti. Kuna sababu. Tikiti linapata sukari kutoka kwenye majani kupitia ule mmea wake unaotambaa, ukilikata tu bomba limefungwa, halitaongeza utamu hata likae wiki mbili sebuleni. Nanasi hivyohivyo, halina wanga uliowekwa akiba wa kugeuka sukari baadae kama ndizi, kwahiyo utamu liliokua nao siku limekatwa ndo huohuo, ganda linaweza kugeuka njano ukiwa umeliweka mezani ukafurahi lakini ndani hakuna kilichoongezeka zaidi ya kulainika.

Parachichi ni kinyume. Lenyewe haliivi mtini hata likae miezi, linakomaa tu, kuiva linaanzia pale linapochumwa. Kwahiyo kwa tikiti na nanasi unaiuliza picha "lilikatwa likiwa tayari?" na kwa parachichi unaiuliza vitu viwili, "lilichumwa limekomaa?" na "limebakiza siku ngapi?". Ukishika hilo mengine yote yanafuata.

Hatua ya 1: rekebisha picha kabla hujaangalia tunda

Najua unataka turuke twende kwenye tunda ila hapa ndo hela inapopotea. Rangi unayoiona kwenye simu ni rangi ya tunda ikichanganyika na rangi ya mwanga uliolipiga pamoja na maamuzi ya simu yenyewe. Soko zetu hizi mwanga wake una vituko. Balbu ya njano inafanya cheupe kionekane krimu, kwahiyo tikiti bichi linaonekana bivu. Turubai la bluu linafanya kinyume, krimu inapauka inakuwa nyeupe ya kijivu, unakataa mzigo mzuri. Mwamvuli mwekundu ndo kabisaa, nanasi lolote chini yake linaiva. Alafu kuna simu yenyewe, inajaribu kusahihisha rangi kwa kukisia, sasa ukiijazia kioo kizima lundo la kijani inachanganyikiwa, inadhani mwanga ndo wa kijani inaanza kuongeza uwekundu ambao haupo.

Dawa yake ni rahisi mpaka inachekesha: mwambie muuzaji aweke karatasi nyeupe kando ya tunda, kwenye mwanga uleule. Ya daftari inatosha, hata ile risiti. Picha ikija unaangalia karatasi KWANZA, tunda baadae. Karatasi ikionekana nyeupe, endelea. Ikionekana ya njano basi jua kila kitu kwenye hiyo picha kimeongezewa njano, toa kichwani. Ikionekana ya bluu, ongeza njano kidogo kichwani. Kama hutaki kukisia fungua picha kwenye app ya kuhariri picha inaitwa Snapseed, nenda White Balance, kuna kidude cha kuchagulia rangi, kiweke juu ya ile karatasi, picha nzima inajirekebisha hapohapo. Mara ya kwanza nilivyofanya hivi kwenye picha ya zamani ya yale matikiti yangu sita (kwa bahati kulikua na mfuko mweupe wa rambo pembeni) nilicheka peke yangu, doa lilirudi jeupe, ukweli ulikuwepo kwenye picha siku zote.

Mengine matatu ya picha nayapita haraka. Fleshi izimwe, maana inafanya kila ganda ling'ae. Asipige kwa kusogeza simu karibu sana, kitu kilichokaribu na lenzi kinavimba na umbo linadanganya, arudi nyuma kama hatua moja na nusu alafu avute zumu kidogo. Na wasapu inabana picha mpaka vidoa vidogo vinapotea, kwahiyo abonyeze HD kabla ya kutuma au aitume kama Document.

Hatua ya 2: tikiti

Hapa nakaa kidogo maana tikiti ndo ghali zaidi kukosea, kilo saba za kitu kisicholika.

Ukiangalia tikiti lolote kuna upande lililala chini shambani. Upande huo haukupata jua kwahiyo haukupata kijani, unabaki na doa. Wakati tunda bado changa doa ni jeupe au kijani cheupe, linavyokomaa linaenda krimu, alafu njano ya siagi. Unalolitaka ni hilo la siagi. Krimu iliyokolea inakubalika ila usitegemee maajabu. Likishakuwa njano ya machungwa na ganda jirani limeanza kupauka nalo, hilo limepitiliza, ndani litakuwa na ungaunga, ile nyama inayovunjika kama mchanga mdomoni.

Muuzaji akipanga lundo lake anafanya nini? Analaza doa chini. Sio lazima awe mjanja, tikiti linakaa vizuri likilala lilivyozoea, na pia kijani chenye mistari ndo kinavutia. Kwahiyo picha ya lundo la matikiti ni picha ya upande usiokuwa na habari yoyote. Usiikubali. Mwambie "geuza, nionyeshe lilipolalia". Akisema yote ni mazuri mjibu sawa mama naamini ila naomba unigeuzie.

Kuna doa lingine linafanana nalo na linachanganya watu, la kuungua jua. Hilo linakuwa upande wa JUU, uliokuwa unatazama jua, na limepauka likakauka, mara nyingi katikati pana ukahawia na ganda lake linaonekana gumu kama ngozi. Doa la kulalia kingo zake zinafifia taratibu kuingia kwenye kijani na ganda lake ni laini zima. Ukiona madoa mawili kwenye tunda moja, pande mbili tofauti, moja ni la jua. Na kuna mashamba wanayaweka juu ya nyasi kavu au wanayageuzageuza, hayo doa lake ni hafifu mno hata likiwa limeiva, hapo itabidi utegemee kingine.

Kingine ni mng'ao. Tikiti changa ganda linang'aa, lililokomaa linafifia kama limepakwa vumbi jepesi. Kwenye picha usitafute neno "linang'aa", tafuta ile alama ya mwanga juu ya ganda, pale anga au dirisha linapojiakisi. Kwenye ganda linalong'aa ile alama ni ndogo, nyeupe kali na ina kingo, unaweza hata kuona umbo la dirisha. Kwenye ganda lililofifia mwanga umesambaa kama umepakwa kwa kidole, hauoni unapoanzia wala unapoishia. Hiki kipimo nakipenda kwa sababu hakijali sana rangi ya taa. Kinaharibiwa na kitu kimoja tu, kitambaa chenye maji, na wauzaji wanapenda kuyafuta matikiti kwa kitambaa chenye maji. Ukiona matone au ganda limelowa kipimo hiki kifute.

Alafu umbo. Liwe la mviringo au la kurefuka haijalishi, hiyo ni aina ya mbegu, ile stori ya tikiti dume na tikiti jike ambayo utaambiwa kila kona ya Temeke haina ukweli, hakuna tikiti linalotoka kwenye ua dume, dume halizai. Unachotafuta ni usawa. Tikiti lenye kiuno, au nene upande mmoja na jembamba mwingine kama kibuyu, maana yake ua lake halikupata chavua sawasawa (nyuki hawakulitembelea vya kutosha, na ua lenyewe linafunguka siku moja tu), au kiu ilipiga katikati ya kukua. Sehemu nyembamba mara nyingi haina mbegu zilizojaa na nyama yake imepooza. Kwa mtu wa kula nyumbani sio mwisho wa dunia. Kwangu mimi ninayekata vipande vya kufanana, nalikataa.

Kikonyo kikavu? Watu wanakipenda sana. Shambani mkulima anaangalia ule mkono mdogo uliojikunja kama springi karibu na tunda, ukikauka anajua wakati umefika, na hiyo ni dalili ya kweli. Ila sokoni ule mkono haupo, kilichobaki ni kipande cha kikonyo ambacho kitakauka tu hata kama tunda lilikatwa bichi. Kwenye picha kikonyo kikavu kinakwambia limekaa siku kadhaa tangu likatwe, basi.

Na kitu ambacho picha haitakwambia kamwe ni maji. Mkulima akimwagilia mpaka siku ya kuvuna, au mvua ikipiga wiki ya mwisho, tikiti linakuwa na doa zuri la siagi, ganda limefifia, umbo safi, na ndani ni jekundu lakini ladha kama limeoshwa. Hapo unamuuliza mtu, sio picha. Uliza mzigo umetoka wapi na huko mvua ikoje.

Hatua ya 3: nanasi, soma macho kabla ya rangi

Mananasi mengi tunayokula Dar yanatoka Kiwangwa, kule Bagamoyo, na ukipita barabara ya kwenda Msata msimu ukikolea utayaona yamepangwa pembeni mpaka unatamani kusimamisha gari. Sasa nanasi watu wanaliangalia rangi, njano zaidi basi tamu zaidi. Hapana. Yapo yanayoiva huku nusu ya juu bado ya kijani na ni matamu, na yapo yamegeuka njano kutoka chini mpaka juu na ni makali ndimu ina nafuu.

Hayo ya pili mara nyingi yamepigwa dawa. Ile dawa inatoa gesi ileile ambayo matunda yenyewe huitoa yakiiva, ethilini, inaondoa kijani kwenye ganda. Inaondoa kijani, haileti sukari. Kama nanasi lilikua bado changa, umepata nanasi changa lenye koti la njano.

Kwahiyo mimi naanza na umbo, taa haiwezi kudanganya umbo. Angalia macho, vile vijumba vya kwenye ganda. Kila jicho lilikuwa ua moja, na nanasi zima ni maua mengi yaliyoshikana. Likiwa changa macho ni madogo, yamebanana, katikati yamechongoka kama yanakusuta. Linavyokomaa kila jicho linapanuka, linajaa, linalala bapa, na mistari kati ya macho inafunguka. Nanasi lililokomaa ukiliangalia kwa ubavuni kingo zake zinakuwa karibu zimenyooka, la changa kingo zake ni kama msumeno. Ndo maana naomba picha ya ubavuni, nanasi limesimama, naona kutoka kitako mpaka kishungi, na nyuma yake kuna kitu cheupe ili huo ukingo uonekane.

Baada ya macho ndo rangi. Nanasi linakomaa kuanzia chini kwenda juu (ndo maana kipande cha kitakoni ni kitamu kuliko cha karibu na kishungi, jaribu utaona), kwahiyo njano ya kweli inapanda kama maji kwenye glasi, imekolea kitakoni alafu inafifia kadri inavyopanda. Njano ikifika robo ya tunda na macho ni bapa, hilo linafaa, linaweza kukaa siku mbili tatu. Nusu na kuendelea ni la kula leo au kesho. Njano ya usawa mmoja kuanzia chini hadi juu huku macho yamechongoka, hilo rudisha, na ukitaka kuwa muungwana mwambie tu "dada naomba ya Kiwangwa yaliyojiivia".

Nayo macho bapa bila njano yoyote? Nachukua mojamoja la kujaribia. Ila sijawahi kuagiza oda ya shughuli kwa dalili hiyo peke yake.

Kitako chake nacho kipigwe picha, pale lilipokatwa. Ukavu wenye rangi ya mbao ni sawa. Ukiona ukahawia uliolowa au ukungu, au utomvu unachuruzika kati ya macho na ganda limekuwa rangi ya kutu, limeanza kuchachuka ndani, na hapo hata kwenye picha unaweza kuona inzi wameshaelewa kabla yako. Kung'oa jani la kishungi kwenye picha hakuwezekani, na hata mkononi ni kipimo dhaifu, jani linang'oka pia kwenye nanasi lililozeeka sokoni.

Hatua ya 4: parachichi, kwanza jua ni aina gani

Hapa rangi inasaidia kwa aina moja na haina maana kabisa kwa nyingine. Hass, lile la ganda la mikunyato kama ngozi ya mamba, linalotoka sana Njombe na Rungwe, linabadilika kutoka kijani kwenda zambarau mpaka karibu jeusi linapoiva. Ya kienyeji yale makubwa yenye ganda laini, pamoja na Fuerte, yanabaki kijani kuanzia siku ya kwanza mpaka yanaoza. Mtu akikutumia picha ya parachichi la kienyeji akasema "bado la kijani, litakaa" hajakwambia kitu.

Kwa Hass kwenye joto la hapa Dar mimi nahesabu hivi: kijani chote, ni la kuanzia siku nne hivi mbele. Mchanganyiko wa kijani na zambarau, kesho kutwa. Jeusi lote, leo, au jana. Rangi inaweza kutangulia ulaini kwa siku nzima kwahiyo jeusi sio lazima liwe laini, ila jeusi lenye mabonde, mwanga ukilipiga kuna vivuli vidogo vilivyozama kama mtu kalibonyeza kwa dole gumba, hilo lina weusi ndani.

Kwa yale yanayobaki kijani naangalia mambo ya shingoni. Ukianza kuona duara jeusi kuzunguka kikonyo, uozo unaanzia hapohapo unashuka ndani. Mikunjo kwenye shingo kama ngozi ya mzee huku tumbo bado gumu ni dalili ya tunda lililochumwa kabla halijakomaa, hilo halitaiva, litakuwa kama mpira, unalikata kisu kinateleza. Hili ndo linaniuma kuliko mengine kwa sababu siku ya kwanza linaonekana zuri tu, mikunjo inakuja baadae ukishalipa.

Ndo maana kwa parachichi nina picha moja ninayoipenda kuliko zote: naomba muuzaji akate MOJA kutoka kwenye mzigo, anitumie picha ya ndani, hilo nalilipia. Siangalii nyama, naangalia kokwa. Kokwa lina ngozi nyembamba juu yake. Parachichi lililokomaa ngozi hiyo ni kahawia, kavu, nyembamba kama karatasi ya kitunguu. Changa ngozi hiyo ni nyeupenyeupe, nene, mbichi, imeng'ang'ania. Parachichi bado gumu kabisa lakini kokwa lina karatasi ya kahawia, chukua mzigo, vundika na ndizi mbivu ndani ya mfuko wa karatasi, litaiva lenyewe. Kokwa jeupe, shukuru kwa bei ya moja ukaokoa ya arobaini.

Mbona nisifanye hivyo kwa tikiti? Kwa sababu kwenye mmea mmoja wa tikiti matunda hayalingani umri, na mkulima anavuna yote siku gari imekuja. La kukatwa linaweza kuwa tamu na jirani yake bichi. Kila tikiti linajisemea lenyewe.

Oda moja ilivyokwenda, mwanzo mpaka mwisho

Alhamisi moja nilikuwa na kitchen pati ya Jumamosi jioni. Nilihitaji matikiti matano, mananasi manane, parachichi ishirini za Hass. Nikatuma meseji hii, unaweza kuinakili:

"Shikamoo mama. Naomba picha HD bila fleshi, nje ya kibanda kama inawezekana. Matikiti yageuze nione yalipolalia, weka karatasi nyeupe pembeni. Mananasi yasimamishe nione ubavu, na moja moja nione kitako. Parachichi kata moja nitalipia, nionyeshe kokwa. Asante sana mama."

Akajibu "marahaba, we mtoto una masharti kama mganga" lakini picha zikaja.

Matikiti saba, chini ya turubai la bluu, hakuweza kutoka nje jua lilikua kali. Kwa macho doa za yote zilikuwa nyeupe za kijivu na mtu mwingine angekataa mzigo mzima. Karatasi ya daftari ilikuwa ya bluu kabisa. Nikaipitisha Snapseed, nikagusa karatasi, mawili yakaenda siagi, matatu krimu iliyokolea, mawili yakabaki meupe. La sita kwenye safu, moja kati ya yale ya krimu, lilikuwa na kiuno. Nikachukua manne, nikamwambia la tano nitatafuta kwingine.

Mananasi kumi. Matatu njano imepanda mpaka karibu nusu, macho bapa. Matano robo, macho bapa. Mawili njano nzurii ya usawa mmoja, ukingo msumeno. Nikachukua manane ya mwanzo, na nikamwambia yale matatu ayaweke juu ya kiroba maana hayo ndo nitakata kwanza.

Parachichi, kokwa lina karatasi ya kahawia, ganda nusu kijani nusu zambarau. Alhamisi hiyo, Jumamosi itakuwa tayari. Nikachukua ishirini na mbili, mbili za bahati mbaya.

Jumamosi mchana nakata. Mananasi yote manane poa, moja tu lilikuwa na ukali upande wa kishungi, nikakata sehemu hiyo ikaenda kwenye juisi. Parachichi kumi na tisa sawa, tatu bado zina ugumu kwenye shingo. Matikiti ya siagi mawili, mekundu, matamu. La krimu moja zuri. La nne, la krimu pia, ganda limefifia vizuri, umbo yai kabisa, nikalipasua katikati kumbe ndani lina ufa mkubwa kama mtu kalifungua kabla yangu, nyama imeachana katikati na pembeni ina utamu wa kawaida tu. Huo ufa haupo kwenye picha yoyote. Nikalikata mchemraba mchemraba likaisha hivyohivyo, na lile lenye kiuno nililolikataa mama aliniambia Jumatatu kuwa kaliuza kwa muuza vipande wa stendi, na lilikuwa tamu.